Kuanzia katoni tatu, nusu leo, nusu baada ya wiki mbili

Muulize mwenye duka la jumla pale Kariakoo bei ya sendozi za kike, atakujibu kwa pumzi moja: "Elfu nne na mia tano, kuanzia katoni tatu. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili." Wafanyabiashara wadogo wengi hushika namba ya kwanza tu. Watavutana naye kwa robo saa juu ya shilingi mia moja kwa kila pea, na akikubali wataondoka wameridhika. Yale mawili yaliyofuata, idadi ya katoni na siku za kulipa, watayachukua kama yalivyo, kana kwamba ni ada ya duka isiyogusika. Mwezi ukiisha, shilingi mia waliyoiokoa haionekani popote, na kilichobaki ni deni pamoja na rafu zilizojaa viatu vya namba ambazo hakuna mtu anazivaa.

Idadi na siku ni jambo moja lenye pande mbili, na nitalieleza kwa duka moja dogo la viatu mjini Morogoro linalonunua mzigo Dar es Salaam. Hesabu ni za mfano, nimezipanga ziwe nyepesi kufuata. Yeyote anayeuza vyombo, madaftari au vipodozi anaweza kuziweka zake mahali pa hizi.

Dada mwenye duka hili huuza pea nne za sendozi za kike kwa siku, siku sita za wiki, yaani pea 24 kwa wiki. Ananunua kwa shilingi 4,500 na kuuza kwa 7,000. Katoni moja ina pea 60, kwa hiyo katoni tatu ni pea 180 na thamani yake ni shilingi 810,000. Kwa masharti aliyopewa, atalipa 405,000 leo na 405,000 baada ya siku 14.

Hebu tuzifuate hizo siku 14. Atauza pea 48 na kushika shilingi 336,000 mkononi. Katika fedha hizo, 2,500 za kila pea ni faida yake, nayo tayari ina kazi: pango, umeme, nauli, chakula cha nyumbani. Kwa pea 48 hiyo ni 120,000. Kinachobaki kwa ajili ya muuzaji wa jumla ni 216,000, wakati anadaiwa 405,000. Anapungukiwa 189,000, na hajakosea kitu chochote dukani kwake. Aliuza vizuri kama kawaida. Kosa lilifanyika siku ile alipokubali kuchukua mzigo unaohitaji wiki saba na nusu kwisha, huku deni lake likiiva katika wiki ya pili.

Kwa hiyo swali la kwanza, hata kabla ya kupanda gari kwenda Dar, ni hili: kiasi kidogo kabisa atakachoniuzia kitanichukua siku ngapi kukiuza? Jibu lake limo kwenye daftari la mauzo ya kila siku. Asiye na daftari hilo anaingia kwenye mapatano akiwa amefumba macho, kwa sababu hajui kama wiki mbili ni nyingi au chache. Wiki mbili zinatosha kabisa kwa sukari na sabuni. Kwa makobazi ya ngozi huenda zisitoshe hata kufungua katoni ya pili.

Upande wa pili wa meza nao una sababu zake, na anayezijua hupata mengi zaidi. Mwenye duka la jumla anayeagiza viatu China kwa kawaida hulipa sehemu ya fedha, mara nyingi asilimia 30, ndipo kiwanda kianze kazi, na kumalizia zilizobaki mzigo ukiwa tayari kusafirishwa. Baada ya hapo kuna safari ya baharini, kuna bandari, kuna ushuru. Fedha yake imetoka miezi kadhaa kabla hujasimama mbele ya kaunta yake. Na kiwanda nacho kilimpa kima cha chini, tena kwa kila mtindo na kila rangi. Kwa hiyo anapokwambia "kuanzia katoni tatu," anakupitishia mzigo wa sharti ambalo yeye mwenyewe alilibeba.

Kuna pia suala la katoni yenyewe. Viatu hufungwa kwa mpangilio wa namba. Kwa sendozi za kike, mpangilio wa kawaida katika kila pea 12 ni pea moja ya namba 36, mbili za 37, tatu za 38, tatu za 39, mbili za 40 na moja ya 41. Akikufungulia katoni uchague, utachukua 38 na 39, nawe ndivyo ungefanya hata mimi ningefanya, kisha yeye abaki na miguu midogo kabisa na mikubwa kabisa. Ndiyo maana kuomba avunje katoni ni kama kumwomba akupe faida yake. Wengi hukataa kabla hujamaliza sentensi.

Jambo la tatu wanunuzi wengi hawalifahamu kabisa. Kama muuzaji wa jumla amesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mauzo ya mwezi huu anatakiwa kuiwasilisha TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hiyo huhesabika mzigo ulipotoka na risiti ikatolewa, uwe umemlipa au hujamlipa. Mkopo anaokupa unavuka tarehe 20 maana yake analipa kodi ya fedha ambayo bado iko Morogoro. Ukimwambia kwamba malipo yako ya mwisho yatamfikia kabla ya tarehe hiyo, umemgusa mahali panapomuuma, na hukutumia hata senti moja.

Na Kariakoo ina wateja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, wanaochukua mzigo mkubwa na kulipa taslimu. Ukiingia wakati wanahesabu katoni mia, usitarajie mtu akusikilize habari za katoni tatu. Wiki za kuelekea Idi na Krismasi ni hivyo hivyo. Anayetaka masharti mapya aende msimu ukiwa umepoa na ghala bado lina mali, maana hapo mzigo uliolala unamsumbua mwenye duka kuliko mnunuzi anayeomba siku saba za ziada.

Sasa turudi kwa dada wa Morogoro. Kumbe hauzi sendozi za kike peke yake. Ana yeboyebo za watoto anazochukua duka lingine kwa shilingi 3,000, na makobazi ya kiume ya shilingi 6,000 anayoyachukua duka la tatu. Kila duka linamwona mteja mdogo, na kila duka linampa kima chake cha chini. Hapa ndipo penye mwanya mkubwa kuliko yote ninayoijua katika biashara hii: kima cha chini kihamishwe kutoka kwenye aina moja ya bidhaa kiwekwe kwenye jumla ya oda. Asiombe kupunguziwa katoni tatu. Aombe ziwe za aina tatu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada. Leo nikufungie ngapi?"

"Tatu, kama ulivyosema. Ila naomba moja iwe ya sendozi, moja yeboyebo, na moja makobazi. Hizo nyingine huwa nachukua kwa jirani yako. Kuanzia leo nitachukua zote kwako."

"Katoni tatu ni za aina moja, dada. Kuchanganya nitakuharibia bei."

"Fedha inayotoka ni ile ile laki nane na kumi. Na katoni sikuvunjii hata moja."

Akipiga hesabu atakuta ni kweli. Pea 60 za 4,500 ni 270,000. Pea 60 za 6,000 ni 360,000. Pea 60 za 3,000 ni 180,000. Jumla ni 810,000, sawa na mwanzo. Hajavunja katoni, hajapunguza bei, na amempata mteja aliyekuwa akigawana na majirani wawili. Atasita kidogo, pengine atataka bei ya makobazi ipande mia moja, lakini sababu ya kukataa imekwisha.

Kwa dada, mabadiliko ni makubwa mno. Katika wiki moja anauza pea 24 za kike, pea 18 za watoto na pea 12 za kiume. Tukitoa faida pembeni na kuhesabu bei ya kununulia tu, sendozi zinamrudishia 108,000, yeboyebo 54,000 na makobazi 72,000. Jumla ni 234,000 kwa wiki. Baada ya siku 14 amekusanya 468,000, naye anadaiwa 405,000. Siku zile zile 14 zilizomwacha na pengo la 189,000 sasa zinamwachia ziada ya 63,000. Hakuna siku iliyoongezwa. Kilichobadilika ni kasi ya mzigo kutoka.

Lakini ziada ya 63,000 ni ndogo. Ikinyesha mvua ya masika siku nne mfululizo na mauzo ya wiki ya pili yakaanguka nusu, atakuwa na 351,000 na pengo la 54,000. Kwa hiyo akishapata mchanganyiko wa katoni, aombe siku. Wengi hapa huomba "unisogezee mpaka mwisho wa mwezi," ombi ambalo muuzaji wa jumla amelisikia kutoka kwa kila aliyemtoroka. Ombi lenye nguvu zaidi ni kugawa malipo: nusu ileile leo, na 405,000 iliyobaki alipe kwa wiki tatu, 135,000 kila Jumamosi.

Mwenye duka la jumla ataona siku zimeongezeka kutoka 14 hadi 21, lakini ataona pia kwamba fedha inaanza kuingia siku ya saba badala ya siku ya 14. Wastani wa muda anaosubiri ni wiki mbili zile zile. Tena anapata kitu ambacho tarehe moja ya mbali haimpi, nacho ni dalili. Jumamosi ya kwanza ikipita kimya, anajua mapema na anapiga simu wakati viatu bado vipo rafuni. Kwa dada, wiki ya kwanza nzuri humwachia 99,000 juu ya malipo, na hiyo ndiyo itakayobeba wiki ya mvua. Nimeona mapatano mengi ya namna hii yakishika, na yale ya tarehe moja ya mbali yakivunjika, kwa sababu rahisi kwamba laki nne iliyokaa dukani siku 14 ikisubiri tarehe yake hupata matumizi mengine njiani.

Kuna swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya kushikana mikono: "Na nikilipa yote leo, bei inakuwaje?" Tuseme anajibu kwamba kwa taslimu atakupunguzia asilimia tatu. Inaonekana kitu kidogo. Asilimia tatu ya 810,000 ni 24,300, na mtu husema afadhali nikope, nibaki na fedha yangu.

Piga hesabu tena. Kwa taslimu ungelipa 785,700. Kwa mkopo unalipa 405,000 leo, kwa hiyo kiasi ulichokopeshwa kweli ni 380,700, na utakirudisha kama 405,000 kwa muda ambao wastani wake ni wiki mbili. Gharama ya kukopa 380,700 kwa wiki mbili ni 24,300, yaani zaidi ya asilimia sita. Kikoba kinachotoza asilimia tano kwa mwezi kingekuchukua kama 19,000 kwa mwezi mzima. Katika hali hiyo, anayeweza kukopa kwenye kikoba chake na kulipa taslimu Kariakoo amefanya biashara nzuri zaidi, na bado ana wiki mbili za ziada. Punguzo la taslimu hutajwa kwa mzigo wote, wakati mkopo ni wa nusu tu ya mzigo na ni wa siku chache. Ndiyo maana asilimia ndogo masikioni huwa kubwa mfukoni. Kama hana mahali pa kukopa kwa bei nafuu, achukue mkopo wa muuzaji, lakini achukue akijua ameulipia.

Sasa tuje kwenye zile namba za pembeni, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoua maduka mengi ya viatu polepole. Katika katoni ya pea 60 kwa mpangilio niliousema, namba 38, 39 na 40 ni pea 40. Zilizobaki, 36, 37 na 41, ni pea 20. Tuseme wateja wa dada ni wanawake wa sokoni na walimu, na wengi wao wanavaa hizo tatu za katikati. Pea 40 zitatoka haraka na kumpa faida ya 100,000. Pea 20 zitadoda. Thamani yake ya kununulia ni 90,000. Faida karibu yote ya katoni ile imegeuka kuwa viatu vya namba 36 vinavyokusanya vumbi. Hesabu ya daftari itasema amepata faida, na droo ya fedha itasema hakuna kitu. Zote mbili ni kweli.

Dalili yake huonekana mapema ukiitafuta. Mauzo ya aina fulani yalikuwa pea nne kwa siku, ghafla yakawa mbili, kisha moja, na wakati huohuo wateja wanaouliza ni wale wale. Mzigo haujapoteza umaarufu, namba zimekwisha. Hapo wenye maduka wengi hukimbilia katoni mpya ya aina ileile ili wapate 38 na 39, na katoni mpya inawaletea pea nyingine 20 za pembeni. Baada ya mizunguko mitatu wana pea 60 zilizokufa, shilingi 270,000 zimelala, na wanashangaa mtaji umekwenda wapi.

Dawa yake ipo kwenye mapatano, na inaombwa siku ya kwanza kabla fedha haijatoka. Omba haki ya kubadilisha: pea zisizozidi kumi kwa kila katoni, safi, zikiwa na maboksi au mifuko yake, ndani ya siku 30, zibadilishwe kwa namba nyingine au mtindo mwingine wa bei hiyohiyo. Usiombe kurudishiwa fedha. Muuzaji wa jumla ana wateja mamia, na namba 36 isiyotakiwa Morogoro huenda inatafutwa na mwenye duka karibu na shule ya sekondari ya wasichana. Kwake kubadilisha ni usumbufu mdogo. Kwako ni tofauti kati ya faida na hasara. Kama atakataa, kuna njia ya pili: tafuta mwenye duka mwenzako, mnunue katoni za mitindo miwili na mgawane kila katoni nusu kwa nusu. Mpangilio wa pea 12 unagawanyika kirahisi, pea 60 ni seti tano, mmoja achukue tatu katika katoni hii na mbili katika ile. Namba za pembeni hazitapungua kwa jumla, lakini zitakuwa za mitindo miwili badala ya mmoja, na mteja mwenye mguu wa 41 atakuwa na cha kuchagua.

Sijasema bado juu ya mali kauli, utaratibu ambao mteja anayeaminika hupewa mzigo bila kulipa kitu, alipe akishauza. Ni utaratibu wa zamani na umeinua watu wengi. Ugumu wake uko kwenye maneno "akishauza". Akiuza lini? Na kabla hajauza, mzigo ni wa nani?

Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua moto. Fikiria mali iliyokuwa ndani imechukuliwa kwa mkopo wa mdomo. Nani anabeba hasara? Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inayofanana sana na ile ya Kenya kwa kuwa zote zina asili katika sheria ya Uingereza ya 1893, inasema kwa ufupi kwamba hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Kama mlifanya mauzo ya kawaida ambayo malipo tu ndiyo yamesogezwa mbele, mali kwa kawaida imekwishakuwa yako, na deni linabaki hata viatu vikigeuka majivu. Kama mlikubaliana kwamba umepewa mzigo wa kujaribu, urudishe usichokiuza, mali inaweza kuhesabika bado ni ya aliyekupa mpaka utakapoikubali au mpaka muda wa kurudisha upite ukiwa bado unayo. Mapatano haya mawili hufanana kabisa yakisemwa kwa mdomo kaunta ya duka, na hakimu hana namna ya kujua mlikusudia lipi.

Kwa hiyo yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu ambao mwenye duka anaujibu "sawa". Ujumbe hauhitaji kuwa mrefu. "Nimechukua leo tarehe fulani katoni tatu, sendozi 60, yeboyebo 60, makobazi 60, jumla 810,000. Nimelipa 405,000. Nitalipa 135,000 kila Jumamosi kwa wiki tatu. Nina siku 30 za kubadilisha pea kumi kwa katoni. Mzigo ukipotea au kulowa kabla ya kukabidhiwa gari, ni wako; baada ya hapo ni wangu." Sentensi hiyo ya mwisho wengi huisahau, na ndiyo inayoleta ugomvi pale katoni mbili zinapofika Morogoro badala ya tatu.

Malipo yenyewe yana mtego wake. Risiti ya EFD utakayopewa huonyesha mauzo yote ya 810,000, hivyo haiwezi peke yake kuthibitisha umelipa kiasi gani na bado unadaiwa kiasi gani. Weka daftari la deni lenye saini yake kila unapolipa, au lipa kwa simu ili ujumbe wa muamala uwe ushahidi. Na fedha ya simu iende kwenye namba ya malipo ya duka, ile iliyobandikwa ukutani yenye jina la biashara. Kijana wa dukani akikupa namba yake binafsi kwa sababu "ya bosi ina tatizo la mtandao," subiri mtandao urudi. Yapo madeni yaliyolipwa mara mbili kwa sababu kijana aliacha kazi na daftari la bosi halikuwa na habari zozote.

Jumamosi, kabla ya kutuma 135,000, dada ana kazi ya dakika kumi na tano. Ahesabu pea zote zilizobaki za mzigo huo, azizidishe kwa bei ya kununulia, aandike jumla, na pembeni yake aandike deni lililobaki. Baada ya wiki ya kwanza anapaswa kukuta rafuni mali ya 576,000, na deni baada ya malipo ni 270,000. Tofauti hiyo, pamoja na kile kilichozidi malipo, ambacho kinapaswa kuwa kwenye droo, ndiyo mtaji wake, ile nusu aliyoweka. Siku atakayokuta deni ni kubwa kuliko thamani ya mali iliyobaki pamoja na fedha ya droo, ajue amekula mtaji wa mtu mwingine. Viatu vimeondoka, fedha imeondoka, deni limebaki. Siku hiyo asichukue mzigo mpya kwa mkopo hata akibembelezwa, maana mzigo mpya utalipa deni la zamani kwa wiki mbili tu kisha pengo litarudi likiwa limeongezeka. Apige simu mwenyewe kabla ya Jumamosi, aseme ana kiasi gani na zilizobaki atalipa lini. Muuzaji wa jumla husamehe kuchelewa kuliko kusamehe simu isiyopokelewa.

Kama mzunguko wa kwanza umekwenda sawa, wa pili pia, na wa tatu, ndipo anapokuwa na kitu cha kuweka mezani. Hapo ushauri wangu ni asiombe siku zaidi. Kwa mzigo unaotoka kwa kasi hii, siku 21 zinamtosha, na siku za ziada zitamfanya alegee. Aombe kupunguza malipo ya mwanzo kutoka nusu hadi theluthi moja, yaani 270,000, na kilichobaki, 540,000, kigawanywe kwa wiki tatu, 180,000 kila Jumamosi. Kwa wiki anakusanya 234,000, hivyo anazimudu, ingawa nafasi ya wiki ya mvua imepungua na inabidi aanze na akiba ya angalau laki moja droo ya pembeni. Faida ya hatua hii ni kwamba 135,000 ya mtaji wake inabaki huru siku ya kwanza, na kwa fedha hiyo anaweza kununua taslimu kitu ambacho muuzaji huyu hauzi: soksi, rangi ya viatu, mikanda. Hivyo huuzwa kwa dazeni, kima chake cha chini ni kidogo, na mteja aliyekuja kutafuta makobazi huondoka navyo.